Mteja ni mmoja, kitenzi ni cha wingi: matumizi ya "they" katika barua pepe za ofisini

Swali: Niko kitengo cha huduma kwa wateja hapa Dar es Salaam, na taarifa zetu kwa makao makuu ya Uingereza tunaziandika kwa Kiingereza. Mara nyingi hatujui kama mteja ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo tunajaza "he or she" kila mstari. Msimamizi mpya ametuagiza tuandike "they", lakini mwenzangu aliyesomea ualimu wa Kiingereza anasema hilo ni neno la wingi na kulitumia kwa mtu mmoja ni kosa la sarufi. Nani yuko sahihi, na kitenzi kiandikweje?

Jibu: Ndugu, msimamizi wako yuko sahihi, ingawa mwenzako naye ameshika jambo moja la kweli ambalo hampaswi kulitupa. Kiwakilishi "they" kinaweza kusimama badala ya mtu mmoja asiyejulikana jinsia, lakini kitenzi kinachokifuata hubaki katika umbo la wingi siku zote. Tunaandika "they have" na "they are", hata kama anayezungumziwa ni mteja mmoja aliyepiga simu mara moja. Kinachomtatiza mwenzako ni kuchukulia kwamba umbo la kitenzi lazima lilingane na idadi ya watu, jambo ambalo Kiingereza hakilifuati hata katika neno analolitumia kila siku. "You" lilikuwa la wingi, na mtu mmoja aliambiwa "thou". Baadaye "you" likachukua nafasi zote mbili, nacho kitenzi kikabaki kilekile. Ndiyo maana hadi leo mtu mmoja huambiwa "you are", na hakuna mwalimu anayelitia kalamu nyekundu.

Matumizi haya ya "they" si ya juzi pia. Yamo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14. Kilichokuja baadaye ni kanuni ya walimu wa sarufi, iliyopata nguvu katika karne ya 18, kwamba "he" litoshe kwa watu wote. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza liliiingiza kanuni hiyo katika sheria, likatamka kwamba maneno ya jinsia ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwajumuisha wanawake. Kifungu cha namna hiyo kimo pia katika sheria za ufafanuzi wa sheria za Tanzania na za Kenya, na nadhani ni sababu mojawapo ya wengi wetu kufundishwa "he" kama neno la kila mtu. Waingereza wenyewe wamekwisha kuiacha njia hiyo: tangu 2007 miswada ya serikali yao huandikwa kwa lugha isiyotaja jinsia, na "they" la umoja ni mojawapo ya njia zinazokubaliwa. Nchini Marekani, mwongozo wa uandishi wa shirika la habari la Associated Press uliliruhusu mwaka 2017 kwa tahadhari, ukishauri kwanza sentensi ipangwe upya pale inapowezekana, na mwongozo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, uliliidhinisha waziwazi katika toleo lake la 7 la mwaka 2019. Ushauri wangu kwenu unafuata zaidi ile tahadhari ya mwaka 2017, kwa sababu ambazo zitaonekana mbele.

Kwetu sisi tatizo lina mzizi mwingine unaofaa kutajwa mapema. Tunafikiri kwa "amelipa", "amelalamika", "hajapokea", na hicho kiambishi hakimwambii msomaji kama mtu ni wa kike au wa kiume. Tukihamia Kiingereza tunalazimika kuchagua jinsia ambayo hatukuwa nayo kichwani. Matokeo yake, katika barua moja ya mistari minane, mteja huanza akiwa "he", akawa "she" katikati, kisha akarudi kuwa "he" mwishoni, na msomaji wa kule anabaki akijiuliza kama kesi ni za wateja wawili. Hili ni baya kuliko wingi wa "he or she", kwa kuwa "he or she" huchosha tu, bali mchanganyiko huo hupotosha.

Sasa tuangalie kitenzi, kwa maana hapo ndipo penye kazi. Nomino na kiwakilishi huenda kila kimoja na kitenzi chake. "The customer" ni nomino ya umoja, hivyo hudai kitenzi cha umoja: "the customer says", "the customer has", "the customer is". "They" hudai cha wingi: "they say", "they have", "they are". Vyote viwili vinaweza kukaa ndani ya sentensi moja bila ugomvi:

> The customer says they have paid.

"Says" ni kitenzi cha mteja, na "have" ni kitenzi cha "they". Anayeandika "the customer say they have paid" ameruhusu wingi urudi nyuma hadi kwenye nomino, na anayeandika "the customer says they has paid" ameruhusu umoja wa mteja uvuke hadi kwenye kiwakilishi. Makosa yote mawili hutoka mahali pamoja: mwandishi anamfikiria mtu badala ya kulitazama neno lililo mbele ya kitenzi.

Jambo la pili ni kwamba wingi huishia kwenye kitenzi. Nomino nyingine zinazomhusu mtu huyo hubaki katika umoja kama mambo yalivyo. Tunaandika "they are an existing customer", si "existing customers"; na kama simu yake ni moja, tunaandika "they have lost their phone", si "phones". Nimeona taarifa zilizogeuza mteja mmoja mwenye laini moja kuwa watu wenye laini kadhaa kwa sababu mwandishi alikwisha kuweka "they", kisha akaona haya kuacha nomino ya umoja karibu yake.

Tuchukue barua ya aina mnayoiandika, tuifanyie kazi hadi mwisho. Imeandikwa kwa mtindo wenu wa sasa:

> A customer called this morning about a locked account. He or she says that he or she has paid the March bill and wants his or her access restored. I have asked him or her to send the receipt. If he or she sends it before noon and the amount matches, please unlock the account and call him or her back.

Hatua ya kwanza ni kubadilisha viwakilishi na vitenzi vyake:

> A customer called this morning about a locked account. They say that they have paid the March bill and want their access restored. I have asked them to send the receipt. If they send it before noon and the amount matches, please unlock the account and call them back.

Tazama vitenzi vitatu humo. "Has" limekuwa "have", na hilo ni rahisi kuliona kwa sababu limeshikana na "they". "Wants" limekuwa "want", na hili ndilo husahaulika, kwa kuwa limekaa mbali, baada ya "and", ambako kiwakilishi hakirudiwi. Katika barua ninazozihariri, kitenzi cha pili baada ya "and" ndicho ninachokikagua kwanza. Lakini "matches" halikubadilika, kwa kuwa linatawaliwa na "the amount", wala halina uhusiano na mteja. Kwa hiyo kanuni ya mkato kwamba kila kitenzi chenye "s" mwishoni kiondolewe hiyo "s" itawaharibia kazi. Kila kitenzi kiulizwe kinamilikiwa na nani.

Kipo pia kitenzi kinachoweza kwenda huku au kule, na maana ikabadilika kidogo. Mkiandika "the customer says they have paid and wants access restored", "wants" ni la mteja moja kwa moja: ninyi ndio mnaoeleza haja yake. Mkiandika "the customer says they have paid and want access restored", "want" limo ndani ya yale aliyoyasema mwenyewe. Sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Katika taarifa ya malalamiko, ambako ni muhimu kutenganisha alichokisema mteja na kile ambacho afisa amekielewa, tofauti hiyo ina thamani yake.

Hatua ya pili ni ile ya tahadhari niliyoitaja, yaani kuondoa viwakilishi visivyo na kazi:

> A customer called this morning about a locked account. They say they have paid the March bill and want access restored. I have asked for the receipt. If it arrives before noon and the amount matches, please unlock the account and call them back.

Palipokuwa na "he or she" na ndugu zake mara sita, sasa pana "they" mara mbili na "them" mara moja. Risiti imekuwa mtendaji wa sentensi yake, na mteja hatajwi pale ambapo hatuhitaji kumtaja. Ninapendelea barua iishie hapa badala ya hatua ya kwanza, kwa sababu "they" lililorudiwa mara sita huchosha karibu sawa na "he or she", ila linachosha kwa herufi chache.

Najua mtashawishika kutumia amri ya kutafuta na kubadilisha ya kompyuta ili kusafisha violezo vyenu vya zamani kwa mkupuo. Msifanye hivyo. Kwanza, mashine haitagusa vitenzi, na mtapata "they has" na "they was" katika kila kiolezo. Pili, "her" lina kazi mbili: katika "call her" linakuwa "them", na katika "her account" linakuwa "their". "His" nalo ni hivyohivyo, kwa kuwa "his account" huwa "their account", lakini "the account is his" huwa "the account is theirs". Tatu, "he's" linaweza kuwa kifupi cha "he is" au cha "he has", hivyo mahali pamoja litakuwa "they're" na pengine "they've". Na maswali yana kitenzi kisaidizi kinachotangulia kiwakilishi: "does he or she agree" huwa "do they agree". Amri hiyo itumieni kutafuta tu, mkiandika "he", "she", "his", "her", "him" moja baada ya jingine, kisha kila sentensi irekebishwe kwa mkono. Kiolezo cha kurasa mbili hakichukui muda mrefu, na hurekebishwa mara moja tu.

Hatari kubwa ya "they", na hapa mwenzako angekuwa na hoja nzito zaidi kama angeianzia, si sarufi bali utata. Neno likiwa linaweza kumaanisha mmoja au wengi, msomaji huangalia watu waliotajwa kabla yake. Wakiwa mteja peke yake hakuna shida. Wakiwa mteja na kundi, mambo hubadilika:

> The customer spoke to the agents in Mombasa, and they promised to return the money.

Nani aliyeahidi kurudisha pesa? Kama mawakala walimkata mteja mara mbili, ni wao. Kama mteja alitumiwa pesa kimakosa, ni yeye. Afisa wa makao makuu anaweza kufungua deni dhidi ya upande usiohusika kutokana na sentensi hii moja, na hakuna kanuni ya sarufi itakayomwokoa. Dawa yake ni kurudia nomino: "and the agents promised" au "and the customer promised". Wengi wetu tuliambiwa shuleni kwamba kurudia neno ni udhaifu wa uandishi, lakini katika taarifa ya kesi kurudia ndiko kunakomlinda mteja. Kipimo ninachotumia ni chepesi: kabla ya kuandika "they", ninasoma nyuma hadi nukta ya sentensi iliyotangulia, na nikikuta hapo nomino yoyote ya wingi, iwe ya watu au ya vitu, ninamtaja mteja kwa jina au kwa cheo chake.

Vitu pia huleta utata, hasa kupitia kirejeshi "themselves". Chukueni mwombaji wa kazi na sentensi "the applicant uploaded the documents themselves". Mwandishi alitaka kusema kwamba mwombaji alipakia nyaraka bila kusaidiwa. Msomaji anaweza kuelewa kwamba zilizopakiwa ni nyaraka zenyewe, si nakala zake. Lipo umbo "themself", ambalo kamusi zinalitambua na ambalo lingepunguza mkanganyiko, lakini wasomaji wengi wa ofisini bado hulisoma kama kosa la kuchapa. Mimi huandika "the applicant uploaded the documents without help from our staff" na kuliacha suala la kirejeshi lipumzike.

Kuhusu ni wakati gani msilitumie, jibu linategemea mnachokijua kweli. Kama mteja amejitambulisha kuwa ni Mama Asha, au amejaza "Mrs" kwenye fomu, andikeni "she". "They" kwa mtu ambaye jinsia yake imekwisha kutajwa katika barua hiyohiyo humfanya msomaji atafute mtu wa pili. Kama mtu ameomba mwenyewe aitwe "they", heshimuni ombi lake, na kitenzi kitafuata kanuni ileile. Ila jihadharini na kubahatisha kwa jina. Amani, Furaha na Bahati hupewa wavulana na wasichana. Anayetia saini kwa herufi mbili za mwanzo na jina la Otieno si lazima awe mwanamume: jina hilo hupewa mtoto wa kiume wa Kijaluo aliyezaliwa usiku, lakini binti yake analibeba kama jina la baba. Sisi wenyewe tunaojua desturi hizo tunakosea. Afisa wa kule anayekutana na jina hilo kwa mara ya kwanza hana pa kushika, na ataliiga lolote mtakaloanza nalo. Kwa hiyo, kama hamna uhakika, "they" katika taarifa yenu ya kwanza huzuia kosa lisisambae katika barua zote zitakazofuata.

Mteja akiwa kampuni au duka, swali la jinsia halipo, na "it" linatosha: "the company says it has paid". Waingereza wengi huandika "they" kwa kampuni, lakini hilo ni "they" la kundi. Likichanganyika na lile la mtu mmoja katika taarifa moja, msomaji hatajua kama mnamzungumzia mwenye duka au duka lake.

Kwa mteja mwenyewe, mnapomwandikia moja kwa moja, hamhitaji "they" hata kidogo, kwa sababu "you" linatosha. Kinachobaki ni salamu tu. "Dear Sir or Madam" bado inaeleweka, lakini kama mnalo jina lake, "Dear Amani Otieno" ni salama na haina ubaridi wa kutojuana. Na kama hamna jina, "Dear Customer" au "Dear Applicant" yafaa.

Jambo la mwisho linahusu nyaraka ambazo si zenu. Mkinukuu kifungu cha mkataba au cha sera ya kampuni kinachosema "the customer shall notify the bank if he loses his card", kinukuuni kama kilivyo ndani ya alama za kunukuu, kisha mwendelee na "they" katika maelezo yenu nje ya alama hizo. Kurekebisha maneno ya mkataba katika barua pepe, hata kwa nia njema, hufanya nukuu isiwe nukuu tena. Kama kifungu chenyewe kinahitaji kuandikwa upya, ombi hilo lipelekwe kwa idara ya sheria.